Jinsi ya kuhakiki kama kampuni ya Uingereza bado ipo au imefutwa kwenye daftari

Huenda umewahi kuonyeshwa cheti hiki kwenye simu. Kina nembo ya serikali ya Uingereza, jina la kampuni, namba ya usajili na tarehe. Aliyekituma kwenye kikundi cha WhatsApp anasema kampuni inalipa faida kila siku kwa anayeweka fedha, au inaajiri watu wa kwenda kufanya kazi Ulaya. Mtu akiuliza kama ni kampuni ya kweli, anajibiwa: "Si umeona cheti?"

Mara nyingi cheti chenyewe ni halali kabisa, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Cheti cha usajili kinathibitisha kwamba kampuni ilizaliwa siku fulani. Hakisemi kama iko hai leo. Kampuni ikifutwa, hakuna anayekuja kuchukua cheti chake, wala karatasi haibadiliki rangi. Mtu anaweza kuendelea kukituma miaka mitano baada ya kampuni kufa.

Makala hii inaeleza jinsi ya kuangalia daftari la makampuni la Uingereza kwa simu yako, bila malipo na bila kuhitaji mtu wa kati. Tumechagua Uingereza kwa sababu vyeti vyake husambazwa sana, na kwa sababu daftari lake liko wazi kwa mtu yeyote duniani, awe Nakivale, Kyangwali au mjini Mbarara.

Kwa nini Uingereza?

Kusajili kampuni huko ni rahisi, na hapo zamani kulikuwa rahisi zaidi. Hadi mwisho wa Aprili 2024, kusajili kampuni kwa mtandao kuligharimu pauni 12, yaani chini ya shilingi 60,000 za Uganda. Mkurugenzi hakulazimika kuishi Uingereza, na hata leo halazimiki. Kwa miaka mingi ofisi ya usajili ilipokea majina na anwani kama yalivyoandikwa, bila kuhakikisha kwamba mtu huyo yupo. Ada imepanda tangu wakati huo, na kuanzia tarehe 18 Novemba 2025 wakurugenzi wapya wanatakiwa kuthibitisha utambulisho wao. Waliokuwepo kabla ya hapo walipewa kipindi cha mpito cha miezi 12. Lakini vyeti vya zamani bado vinazunguka.

Ofisi inayotunza daftari inaitwa Companies House. Inasajili makampuni ya Uingereza yenyewe, Wales, Uskoti na Ireland Kaskazini.

Kulipata daftari

Andika anwani hii wewe mwenyewe kwenye simu:

```
find-and-update.company-information.service.gov.uk
```

Usibonyeze kiungo ulichotumiwa na mtu anayetaka fedha zako, hata kama kinafanana. Anwani ya kweli ya serikali ya Uingereza inaishia na `gov.uk`, na baada ya hapo inaweza kufuata alama ya mkwaju tu. Anwani kama `gov.uk.` ikifuatiwa na neno jingine, au `gov-uk` yenye kistari, si ya serikali. Picha ya skrini nayo usiipokee kama ushahidi, kwa sababu inaweza kuwa ilipigwa wakati kampuni ilikuwa hai.

Ukurasa ukifunguka utaona kisanduku kimoja cha kutafutia. Hauhitaji kujiandikisha wala kulipa, na kwa kuwa ni maandishi matupu, haumalizi bando. Andika namba ya kampuni, si jina. Majina hufanana sana, na kampuni ikishafutwa, mtu mwingine anaweza kusajili kampuni mpya kwa jina lilelile. Namba haipewi kampuni nyingine.

Namba ina herufi na tarakimu nane kwa jumla. Ya Uingereza na Wales mara nyingi ni tarakimu tupu, ya Uskoti huanza na `SC`, na ya Ireland Kaskazini huanza na `NI`. Ukiona tarakimu saba tu, weka sifuri mwanzoni. Kama aliyekuletea habari hana namba na anasema ni siri ya kampuni, anakudanganya. Namba ya kampuni ni habari ya wazi kisheria, na kampuni inatakiwa kuionyesha kwenye barua zake na kwenye tovuti yake.

Neno moja la kutafuta kwanza

Ukishafungua ukurasa wa kampuni, tafuta palipoandikwa `Company status`, yaani hali ya kampuni. Ukurasa uko kwa Kiingereza, lakini maneno unayohitaji ni machache.

`Active` maana yake kampuni ipo kwenye daftari. `Dissolved` maana yake imefutwa na haipo tena kisheria, na tarehe ya kufutwa huandikwa kwenye `Dissolved on`. `Liquidation` maana yake kampuni inafungwa na mali yake inakusanywa ili kulipa wadai.

Kuna hali ya nne ambayo watu huisoma haraka na kuipita:

```
Active — Active proposal to strike off
```

Mtu akiona neno la kwanza anafurahi na kufunga simu. Soma mstari mzima. Unasema kampuni bado ipo, lakini mchakato wa kuifuta umeshaanza. Ukipeleka fedha kwenye kampuni ya namna hii, ndani ya miezi miwili au mitatu huenda isiwepo.

Kampuni inafutwaje?

Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni wakurugenzi wenyewe kuomba kampuni ifutwe, kwa sababu hawaihitaji tena. Ya pili ni msajili kuifuta kwa lazima kwa sababu anaamini haifanyi kazi, na dalili yake kubwa ni kutopeleka taarifa zinazotakiwa.

Taarifa hizo ni mbili, na tarehe zake utaziona kwenye ukurasa wa kwanza wa kampuni. Moja ni hesabu za mwaka, `Accounts`. Nyingine ni taarifa ya uthibitisho, `Confirmation statement`, ambayo kampuni hupeleka angalau mara moja kwa mwaka kuthibitisha kwamba anwani, wakurugenzi na wamiliki wake ni wale wale au kueleza mabadiliko. Kampuni ikichelewa, neno `overdue` huonekana. Kuchelewa wiki mbili kunaweza kuwa uzembe wa kawaida, hata kampuni za heshima huchelewa. Lakini kampuni inayojigamba kwamba inasimamia mamilioni ya watu, huku imeshindwa kujaza fomu moja ya mtandaoni kwa miezi sita, ina swali la kujibu.

Msajili haifuti kampuni kimyakimya. Kwanza huandika barua. Asipojibiwa, hutangaza katika gazeti la serikali kwamba kampuni itafutwa baada ya muda usiopungua miezi miwili kama hakuna atakayetoa sababu ya kuzuia. Muda ukiisha bila pingamizi, hutangaza mara ya pili, na siku hiyo kampuni inakufa.

Mfano, hatua kwa hatua

Mfano huu tumeutunga ili uone tarehe zinavyofuatana. Ni Februari 2025. Jirani yako amekuonyesha cheti cha kampuni iliyosajiliwa tarehe 14 Machi 2023. Anataka uweke shilingi 400,000 za Uganda, na anasema kampuni ina "miaka miwili ya uzoefu London."

Unaandika namba, na ukurasa unasema `Dissolved on 20 August 2024`. Ungeweza kuishia hapo. Lakini bonyeza pia `Filing history`, yaani historia ya nyaraka, kwa sababu humo ndimo maisha yote ya kampuni yameandikwa, ya karibuni yakiwa juu. Unakuta mistari mitatu tu:

```
20 Aug 2024  Final Gazette dissolved via compulsory strike-off
04 Jun 2024  First Gazette notice for compulsory strike-off
14 Mar 2023  Incorporation
```

Soma kuanzia chini. Tarehe 14 Machi 2023 kampuni ilisajiliwa. Mwaka wake wa kwanza uliisha tarehe 13 Machi 2024, na ilikuwa na siku 14 za kupeleka taarifa ya uthibitisho, yaani hadi tarehe 27 Machi. Hakuna mstari unaoonyesha kwamba iliipeleka. Msajili aliandika barua, na hakujibiwa. Tarehe 4 Juni alitoa tangazo la kwanza la kuifuta kwa lazima. Wiki 11 baadaye, tarehe 20 Agosti, alitoa tangazo la mwisho.

Kwa hiyo kampuni yenye "miaka miwili ya uzoefu" iliishi miezi 17, na katika miezi hiyo haikupeleka hata karatasi moja kwa msajili. Jirani yako anapokuonyesha cheti, imeshakufa kwa miezi sita. Jina lililo kwenye cheti haliwezi tena kusaini mkataba, kumiliki akaunti ya benki wala kushtakiwa. Akipokea shilingi zako 400,000 kwa simu, anayezipokea ni mtu tu, yule mwenye laini ya simu.

Hapa tuseme pia neno kwa ajili ya jirani. Mara nyingi anayekuletea habari si mwizi. Ameshaweka fedha zake mwenyewe, na ameambiwa akileta watu watano atapata nyongeza. Mwonyeshe ukurasa ukiwa umekaa naye, kwa utulivu, kabla ya kumwita tapeli mbele za watu.

Mistari mingine utakayokutana nayo katika historia

Ukikuta `Application to strike the company off the register`, wakurugenzi wenyewe ndio walioomba kuifunga. Tangazo litakalofuata litakuwa na neno `voluntary`, yaani kwa hiari.

Ukikuta `Compulsory strike-off action has been suspended`, mchakato umesimamishwa kwa muda, mara nyingi kwa sababu kuna aliyeweka pingamizi. Huyo anaweza kuwa mtu anayedai fedha zake, au mamlaka ya kodi. Haimaanishi kwamba kampuni imesafishwa. Lakini mstari wenye neno `discontinued` badala ya `suspended` ni habari nzuri zaidi, kwa sababu mchakato umeachwa, kwa kawaida baada ya kampuni kupeleka taarifa zilizokuwa zinadaiwa.

Na ukikuta `Accounts for a dormant company`, kampuni yenyewe imemwambia msajili kwamba katika mwaka huo haikufanya biashara. Inaweza kuwa `Active` bila tatizo lolote, kwa sababu kampuni iliyolala inaruhusiwa kubaki kwenye daftari. Lakini basi faida ya kila siku unayoahidiwa inatoka wapi? Kwa maoni yetu, huo ndio mstari wenye nguvu kuliko yote, kwa kuwa ni maneno ya kampuni dhidi ya maneno ya wakala wake.

Ikiwa inasema `Active`, je, ni salama?

Hapana, bado. `Active` inajibu swali moja tu: kama jina hilo lipo kwenye daftari leo.

Angalia kwanza umri. Kampuni binafsi mpya ina miezi 21 tangu kusajiliwa kabla ya kudaiwa hesabu zake za kwanza. Kwa hiyo kampuni ya mwaka mmoja inaweza kuonekana safi kabisa kwa sababu tu wakati wa kuulizwa maswali haujafika. Katika mfano wetu, mtu ambaye angetazama daftari mwezi Januari 2024 angeona `Active` bila alama yoyote ya kuchelewa.

Halafu angalia anwani, kwenye `Registered office address`. Makampuni mengi ya halali hutumia anwani ya ofisi ya kukodi inayotumiwa na mamia ya wengine, hivyo hiyo peke yake si kosa. Lakini ukiona maneno `Companies House Default Address` pamoja na `PO Box 4385, Cardiff`, elewa kwamba anwani ya awali imeondolewa kwa kuwa haikufaa, kwa mfano mwenye nyumba alilalamika kwamba hawajui watu hao. Kampuni imewekwa kwenye sanduku la msajili mwenyewe hadi ilete anwani ya kweli.

Jambo la tatu ni hatari zaidi kwa wanaotafuta kazi. Tapeli anaweza kuchukua jina na namba ya kampuni ya kweli, yenye miaka 20 na hesabu safi, akaiweka juu ya barua ya ajira aliyoitunga. Daftari litasema `Active`, na litakuwa limesema kweli, ila si kampuni hiyo iliyokuandikia. Linganisha anwani na majina ya wakurugenzi, kwenye `People`, na yaliyo kwenye barua. Kisha tafuta tovuti ya kampuni wewe mwenyewe na uwaandikie kupitia anwani iliyo huko, si ile iliyo kwenye barua, ukiuliza kama barua ni yao.

Kuna pia kinachozidi kuwepo kwa kampuni, nacho ni ruhusa ya kufanya inachokifanya. Mwajiri wa Uingereza anayeleta wafanyakazi kutoka nje anatakiwa kuwa kwenye orodha ya serikali yao iitwayo `Register of licensed sponsors: workers`, inayopatikana bure kwenye `gov.uk`. Na sheria ya huko inakataza wakala kumtoza mtu fedha kwa ajili ya kumtafutia kazi. Njia ya viza ya watunza wazee na wagonjwa ilifungwa kwa waombaji wapya walio nje ya nchi tarehe 22 Julai 2025, kwa hiyo barua mpya inayokuahidi viza hiyo kutoka makazini ina kasoro hata kabla hujatazama kampuni. Zipo njia halali za ajira kwa wakimbizi. Hizo ulizia katika ofisi za UNHCR au washirika wake, na hazina malipo.

Kwa upande wa kuweka fedha, kampuni inayopokea amana za watu hapa Uganda inahitaji leseni hapa Uganda, na kampuni ya nje inayofungua mahali pa biashara nchini inatakiwa kusajiliwa pia katika ofisi ya usajili ya Uganda, URSB. Cheti cha Uingereza hakichukui nafasi ya vitu hivyo viwili.

Ikiwa tayari umelipa

Usisubiri. Fungua ukurasa wa kampuni leo na usome hali yake.

Kama mchakato wa kuifuta umeanza lakini haujaisha, mtu anayeidai kampuni anaweza kuweka pingamizi kwa msajili kupitia mtandao, bila malipo. Utahitaji ushahidi wa deni: ujumbe wa malipo ya simu, mkataba au mazungumzo yaliyoandikwa. Pingamizi likikubaliwa, ufutaji unasimama kwa muda. Halikurudishii fedha, ila linaiacha kampuni hai ili iweze kudaiwa.

Kama imeshafutwa, mali yoyote iliyobaki kwa jina lake imekwenda kwa serikali ya Uingereza. Mdai anaweza kuomba mahakama ya huko irudishe kampuni kwenye daftari, kwa kawaida ndani ya miaka 6, lakini hiyo ni kesi yenye gharama, na kwa shilingi 400,000 haitalipa. Kinachofaa zaidi ni kumfuata mtu aliyepokea fedha hapa. Peleka kituo cha polisi cha makazi namba ya simu iliyopokea malipo, ujumbe wa muamala, cheti ulichoonyeshwa, na picha ya ukurasa wa daftari yenye tarehe ya kufutwa. Picha hiyo inaonyesha kwamba siku fedha zilipopokelewa, kampuni haikuwepo. Ukihitaji mtu wa kukusaidia kuandika maelezo, ulizia dawati la ulinzi au la msaada wa kisheria lililo karibu nawe.

Kama hujalipa na bado unafikiria, kwenye ukurasa wa kampuni kuna kitufe `Follow this company`. Ukijiandikisha kwa barua pepe, ambayo nayo ni bure, utapata ujumbe kila nyaraka mpya inapoingia, likiwemo tangazo la kwanza la kuifuta.